Mwaka wa Kustaafu Umeandikwa Juu ya Hatifungani

Miongoni mwa mambo ambayo mtu wa mshahara huyaahirisha hata yakamkuta mlangoni, limo hili la kuamua, katika akiba yake ya uzeeni, ni sehemu gani ikae katika hisa ambazo hupanda na kushuka, na ni sehemu gani ikae katika hatifungani ambazo hulipa riba kwa ahadi iliyoandikwa. Na madhali uamuzi huo haumaliziki kwa siku moja, bali hutaka kurudiwa kila mwaka kadiri umri unavyosogea, aghalabu haurudiwi kabisa. Huko Marekani, tangu mwaka 1994, walibuni mifuko ya kuwaondolea watu taabu hiyo. Mtu huchagua mfuko wenye mwaka wake wa kustaafu katika jina, tuseme 2040 au 2055, akaweka fedha zake humo, na meneja wa mfuko humpunguzia hisa na kumwongezea hatifungani mwaka hata mwaka bila ya yeye kuulizwa neno. Sheria ya pensheni ya nchi hiyo ya mwaka 2006 ilifungua njia kwa waajiri kuwaingiza wafanyakazi wao katika mifuko ya namna hii pale ambapo mfanyakazi mwenyewe hakuchagua kitu, na tangu hapo mamilioni ya watu, na kati yao jamaa zetu wengi walioajiriwa huko, wamo ndani yake, wengine pasipo kujua kwamba wamo.

Mteremko wa mfuko kama huo huenda taratibu, kama ndege zinazopita juu ya mabati ya Kiwalani zikiutafuta uwanja: haziporomoki kwa ghafula, bali hupunguza kimo kidogo kidogo tangu zikiwa mbali. Mifuko ya kampuni ya Vanguard, iliyo mashuhuri kuliko yote katika aina hii, humwachia kijana takribani asilimia 90 ya akiba yake katika hisa mpaka akaribie umri wa miaka 40. Kisha hisa hupungua hadi kufika nusu anapotimiza miaka 65, na kuendelea kushuka mpaka asilimia 30 miaka saba baada ya hapo. Wengi hudhani sababu ya mteremko huu ni kwamba hisa hazina hatari kwa mtu mwenye muda mrefu, lakini hoja hiyo ni dhaifu, maana soko lililoanguka halina ahadi na mtu yeyote ya kurudi juu. Sababu iliyo thabiti zaidi ni kwamba rasilimali kubwa ya kijana haimo katika akiba yake hata kidogo, bali imo katika mishahara yake ya miaka thelathini ijayo, nayo mishahara hiyo hufanana na hatifungani, kwa kuwa huja kila mwezi kwa kiasi kinachojulikana. Na kadiri anavyoila, ndivyo inavyompasa anunue hatifungani halisi ili zishike mahali pake. Anayeifahamu sababu hii ameshika ufunguo wa mambo yote nitakayoyasema, kwani hoja yenyewe imejengwa juu ya mali yote ya mtu, ilhali mfuko unaitazama ile iliyomo ndani yake tu.

Kwamba mwaka ulioandikwa katika jina la mfuko si dhamana, watu walijifunza mwaka 2008. Mifuko ya Marekani iliyokuwa na mwaka 2010 katika jina lake, yaani ya watu waliobakiwa na miaka miwili tu kazini, ilipoteza kwa wastani karibu robo ya thamani yake. Iko iliyopoteza asilimia 9 au zaidi kidogo, na iko iliyopoteza asilimia 41. Jina lilikuwa moja na mwaka ulikuwa mmoja, bali kila meneja alikuwa na mteremko wake, na mwenye fedha hakuwa ameutazama.

Mpwa wangu aliyeko Minneapolis aliponiuliza kwa simu, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, "Mjomba, mimi nimo katika mfuko wa mwaka 2055, je, nitoke nijipangie mwenyewe?", nilimwambia abaki, na ninamwambia hivyo hadi leo. Yeye hana nyumba ya kupangisha wala biashara, fedha zake zimo katika akaunti ya kustaafu ambayo haitozwi kodi kila mwaka, ada ya mfuko wake ni sehemu ndogo tu ya asilimia moja, na hisa anazozimiliki ni za maelfu ya kampuni za dunia nzima. Mtu wa hali hiyo akijipangia mwenyewe hupata kazi ya ziada na faida kidogo sana.

Hali ya mtu wa Kiwalani ni nyingine, na hapo ndipo yalipo maoni yangu.

Tumchukue fundi wa mitambo katika kiwanda kimojawapo cha kando ya Barabara ya Nyerere, mwenye umri wa miaka 45, ambaye atastaafu akifika 60. Yeye na mwajiri wake hupeleka NSSF asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, kwa hiyo, akitimiza miezi inayotakiwa, atalipwa pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Nyuma ya nyumba yake amejenga vyumba vinne, navyo vina wapangaji. Mbali na hayo ana akiba ya shilingi 24,000,000, na huweza kuongeza shilingi 150,000 kila mwezi. Mfuko wa tayari ungeziona zile milioni 24 peke yake. Usingeiona pensheni, ambayo kwa tabia yake ni hatifungani kubwa asiyoweza kuiuza. Wala usingeviona vyumba, ambavyo kodi yake hupanda bei za vitu zinapopanda, lakini ambavyo vimesimama juu ya kiwanja kimoja katika mtaa mmoja, na waliohamishwa Kipawa na Kigilagila kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege wanaijua hatari ya mali ya namna hiyo. Ukiyatia yote katika hesabu, huyu bwana tayari ana sehemu ya salama iliyo kubwa na sehemu ya ardhi iliyo kubwa. Anachopungukiwa ni umiliki wa kampuni, na fedha za kukamata mkononi katika miaka ile ya mwanzo baada ya kazi kwisha.

Kwetu, tena, hisa si kitu kile kile. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi Aprili 1998 kwa kampuni moja, TOL, na hata sasa kampuni zilizoorodheshwa ni thelathini hivi, zikiwamo za Kenya, na biashara ya kila siku imeelemea mno upande wa benki mbili, CRDB na NMB. Anayeuchukua mteremko wa Vanguard na kuuleta hapa kama ulivyo, akamwekea mtu wa miaka 45 asilimia 80 katika hisa za soko letu, amemfungia uzee wake katika bahati ya benki chache. Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005, huchanganya hisa na hatifungani na hupokea fedha kidogo kidogo, na ni mlango mzuri. Ila mchanganyiko wake haujui umri wa mwenye vipande, na mtu wa miaka 25 na mtu wa miaka 59 humo hupata fungu lile lile. Katika mifuko ya UTT, kuanzia Umoja, Wekeza Maisha, Watoto na Jikimu hadi Ukwasi na Hatifungani, hakuna hata mmoja wenye mwaka wa kustaafu katika jina lake.

Lakini tunacho kitu ambacho mwaka wake umeandikwa usoni, nacho ni hatifungani ya serikali yenyewe. Benki Kuu huiuza kwa mnada kwa muda wa miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 na 25. Kima cha chini ni shilingi 1,000,000, na juu yake huongezwa laki laki. Riba hulipwa kila miezi sita, na siku ya kuiva mtaji wote hurudi. Fundi wetu akinunua leo ya miaka 15, itaiva mwaka ule ule anaotoka kiwandani. Tena hatifungani hiyo hufanya mteremko wake yenyewe bila ya meneja, kwa sababu kila mwaka unaopita huifupisha, na kadiri inavyofupika ndivyo bei yake inavyopungua kuyumba. Mwezi Aprili 2022 serikali ilipunguza riba za hatifungani mpya, na ile ya miaka 20 ikawekwa katika asilimia 12.10. Tuseme mtu aliinunua kwa thamani kamili ya shilingi 100, kisha soko likaanza kudai asilimia 15: ikiwa ingali na miaka 20 mbele yake, bei yake itaanguka hadi shilingi 82 hivi, na akilazimika kuuza siku hiyo amepoteza karibu riba ya mwaka mmoja na nusu, yaani shilingi 18 katika kila 100, bali ikiwa imebakiwa na miaka miwili tu, pigo lile lile la soko litaishusha hadi 95 tu. Asiyeuza, hata hivyo, hapotezi shilingi ya mtaji katika hali zote mbili. Atalipwa 100 siku ya kuiva. Mfuko wa hatifungani hauna siku hiyo, kwa kuwa kila inayoiva humo hubadilishwa kwa nyingine mpya, na mfuko hukaa katika umri ule ule milele. Kwa mwenye tarehe maalumu mbele yake, tofauti hii ina uzito mkubwa.

Kwa nini basi asinunue hatifungani tupu? Kwa sababu ya mfumuko wa bei. Mwezi Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 19.8, na aliyekuwa na hatifungani ya asilimia 12 wakati huo alilipwa kila shilingi aliyoahidiwa, huku unga na mafuta vikimkimbia. Miaka ya karibuni imekuwa ya utulivu, lakini ahadi ya miaka 15 yapasa ipimwe kwa miaka mibaya pia. Pensheni na riba ni ahadi za shilingi. Ndiyo maana fungu la hisa halina budi kubaki, hata baada ya kustaafu.

Sasa tuifanye hesabu, kama inavyoweza kuandikwa katika daftari la mistari. Fundi anaanza na nusu kwa nusu: shilingi 12,000,000 katika vipande vya Umoja na hisa chache alizozichagua mwenyewe, na shilingi 12,000,000 katika hatifungani ya miaka 15. Kwa kuwa ndani ya Umoja zimo pia hatifungani, hisa zake halisi ni pungufu ya nusu, na mimi naona yafaa, kwa soko jembamba kama letu. Kanuni yake ni moja: kila mwaka, katika wiki ya kwanza ya Januari, fungu la kwanza hupunguzwa kwa asilimia 2 ya akiba yote, hivyo mwaka wa pili huwa 48, wa tatu 46, mpaka litue katika 20 siku anapotimiza miaka 60.

Tuseme mwaka wa kwanza soko linakwenda vibaya na fungu la hisa linaanguka kwa moja ya tano, likabaki 9,600,000. Hatifungani zimempa riba, kwa kadirio la asilimia 12, shilingi 1,440,000, na yeye mwenyewe ameweka 1,800,000 kutoka katika mshahara. Jumla ni 24,840,000, na asilimia 48 yake ni 11,920,000 na kitu. Fungu la hisa limepungukiwa na milioni 2.3 hivi. Kwa hiyo akiba yake yote mpya ya mwaka, na kama laki tano za riba, zinakwenda kununua vipande na hisa siku ambayo kila mtu kijiweni anasema soko limekufa, wala hakuuza hatifungani hata moja. Riba iliyobaki, ambayo haitimizi milioni ya kuingia mnadani, hukaa katika Mfuko wa Ukwasi mpaka itimie.

Na tuseme kinyume chake, soko limepanda kwa asilimia 40 na fungu la hisa limekuwa 16,800,000. Jumla sasa ni 32,040,000, na asilimia 48 yake ni 15,380,000 hivi. Hapa akiba mpya yote na riba yote huelekezwa katika hatifungani, na juu yake huuza vipande vya milioni 1.4. Hili la pili ndilo gumu kuliko la kwanza. Kuuza kitu kinachopanda, kwa sababu tu daftari limesema, huuma mno, na wengi waliojipangia wenyewe huharibikiwa hapa: mwaka huu huahirisha kwa sababu soko ni zuri, mwaka ujao kwa sababu bado ni zuri, na wanapofika miaka 58 wana asilimia 70 katika hisa, sawasawa na wale wa mwaka 2008. Dalili ya maradhi haya hutambulikana mapema. Januari mbili zikipita bila ya kitu kuandikwa katika daftari, mpango umekwisha kufa.

Hatifungani anazozinunua miaka ya baadaye hana haja kuziivisha zote mwaka mmoja. Akiwa na miaka 52 anaweza kununua ya miaka 10, itakayoiva akiwa na 62; akiwa na 57, ya miaka 7, itakayoiva akiwa na 64; na hivyo mtaji hurudi kwa awamu katika miaka ile ambayo nguvu zimepungua na ada za wajukuu zimeanza kuulizwa. Atakayeziivisha zote pamoja hujikuta na donge la fedha nyumbani, na donge la fedha la mstaafu huvuta ndugu na madalali wa viwanja.

Yuko mwingine ambaye kujipangia kwake ni lazima: mwislamu anayejitenga na riba. Kwake hatifungani ya serikali haimo, na mfuko uliochanganya riba haumfai. Hata katika hisa huziacha benki za kawaida, bia na sigara, na hapo nusu ya soko letu imekwisha kuondoka. Benki ya KCB Tanzania ilitoa sukuk yake mwaka 2022, nayo ikaorodheshwa sokoni, lakini muda wake ulikuwa mfupi, na bado hatuna sukuk za kutosha za kupangia safari ya miaka 15. Huyu nyumba za kupangisha humchukulia nafasi ya hatifungani, na ninamshauri azitawanye katika mitaa zaidi ya mmoja kadiri ya uwezo wake.

Ziko hali ambazo nitamwambia mtu aache kabisa, hata kama hesabu anaijua. Mwenye kuamka usiku kuangalia bei katika simu asijipangie, maana atauza siku ya msiba na kununua siku ya sherehe. Mwenye madeni ya riba kubwa alipe deni kwanza. Na mwenye kufanya mambo yake kwa siri asijipangie, kwa sababu mpango wa mkono una kasoro moja ambayo mfuko wa tayari hauna: meneja akifariki, kampuni humweka mwingine, bali fundi wetu akifariki, au akipooza akiwa na miaka 55, ni nani ajuaye kwamba Januari imefika? Akaunti ya CDS, namba ya vipande, tarehe za kuiva na akaunti ya benki inayopokea riba viandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na mkewe, au mtoto aliye mkubwa, aonyeshwe kwa macho yake jinsi hesabu ya Januari inavyofanywa, tena zaidi ya mara moja.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mwenye pensheni, mwenye vyumba, na mwenye ustahimilivu wa kulitii daftari lake, ana sababu za haki za kujijengea mteremko wake hapa Dar es Salaam. Bali hao si wote, na bodaboda wa Minazi Mirefu asiye na mwajiri wala muda wa kusimama katika foleni ya benki siku ya mnada asiachwe. Nawaomba UTT, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana iliyo juu ya mifuko yote, waanzishe mfuko mmoja wenye mwaka 2045 katika jina lake, unaonunua hatifungani zinazoiva karibu na mwaka huo, unaopokea fedha kwa simu, na unaochapisha mteremko wake wote, mwaka kwa mwaka, siku ya kwanza kabla ya kupokea shilingi ya mtu.